Nyumba Yenye Mapaa Mawili

Mtu akikutumia picha ya nyumba kuukuu ya kijijini, na chini yake akaandika neno moja tu, "Andika", amekutwika mzigo bila kukuonyesha pa kuushika. Hasemi nyumba ni ya nani. Hasemi kama aliyekaa humo yu hai, wala kama anataka hadithi, kumbukumbu au ugomvi. Wengi wetu hapo hukimbilia njia iliyo karibu, tukauandika ukuukuu wenyewe: kuta zinaanza kusema, upepo unapita madirishani, bibi fulani anakumbukwa pamoja na moshi wa jikoni. Ukurasa wa tatu ukifika, hakuna lililotokea. Msomaji kasikitika kidogo, basi.

Kuna njia nyingine, nayo ni kuisoma nyumba kama fundi kabla ya kuiandika kama mwandishi. Nitaifuata hapa kwa picha moja niliyoletewa hivyo hivyo, na mwisho wake nitaweka hadithi fupi iliyotokana nayo, ili msomaji apime mwenyewe kama njia hiyo inafika popote.

Picha ilipigwa kwa simu, kutokana na alikotoka aliyeituma, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani, kusini mwa Dar es Salaam. Ni nchi ya minazi, mikorosho na mihogo. Nyumba ni ya udongo, ya mgongo wa tembo, vyumba viwili na ukumbi katikati, mlango ukiwa katikati ya ukuta wa mbele. Upande wa kulia umeezekwa bati, wa kushoto makuti. Pale mapaa mawili yanapokutana pana kipande chembamba cha bati chenye kutu kuliko wenzake wote, ubavu wake umechomekwa chini ya makuti. Dirisha la kulia limepigiliwa mbao mbili za msalaba. La kushoto lina kipande cha khanga. Mbele ya mlango, chini, pamefagiwa.

Kwa jicho la haraka hiyo ni nyumba ya mtu aliyeishiwa fedha katikati ya kazi. Huenda ndivyo ilivyo. Lakini nyumba ya udongo huweka kumbukumbu za waliyoyafanya wenyeji wake, na ukizifuata, maelezo hayo ya fedha yanaanza kupwaya.

Anza juu. Paa la makuti hukaa miaka michache, mitano hivi kama makuti yalisukwa vizuri na yakapangwa kwa kubanana. Makuti mapya yana rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, kisha hugeuka kijivu, kisha meusi, na yakishaoza paa hubonyea kwa sababu pau za chini nazo zimeanza kuoza. Paa la kushoto katika picha ni la kijivu, lakini halina rangi moja. Pana viraka, na viraka vyenyewe havilingani: kimoja ni cha manjano bado, kingine kimeshafifia. Maana yake mtu amekuwa akiziba tundu moja moja, msimu baada ya msimu, bila kuezua lote. Na chini ya ncha za makuti, pale yanapotokeza nje ya ukuta, pana weusi. Huo ni moshi. Wenyeji wa pwani wanajua kwamba nyumba ya makuti isiyowashwa moto huchakaa upesi, kwa kuwa moshi hukausha makuti na kuwafukuza wadudu. Basi upande wa kushoto una mtu, na mtu huyo anapika.

Bati lina kalenda yake. Likiwa jipya linang'aa, baada ya misimu kadhaa hufifia na kuwa kijivu, na kutu huanza pale penye matundu ya misumari na pale bati moja linapolalia jingine, kwa sababu hapo maji hukawia. Karibu na bahari chumvi huharakisha mambo. Mabati ya kulia yana miduara ya kutu kwenye misumari, ila migongo yake bado ni ya kijivu. Si mapya, si mazee. Kile kipande chembamba cha katikati ndicho kimekuwa kahawia kutoka juu hadi chini, na kina matundu mengi kuliko misumari iliyomo. Bati hilo lilikuwa limepigiliwa mahali pengine kabla ya kufika hapo.

Kisha tazama chini. Kiambaza cha udongo hujengwa kwa nguzo zilizochimbiwa, fito zikafungwa ndani na nje, katikati ukajazwa udongo, halafu kikakandikwa. Adui zake wakubwa ni mchwa na maji yanayoruka kutoka ardhini. Makuti hutokeza mbali nje ya ukuta na kudondosha maji taratibu. Bati lililokatwa fupi kwa kubana matumizi huyamwaga kwa kishindo karibu na ukuta, maji yakachimba mfereji na kurusha tope. Ndiyo sababu, katika picha, ukuta wa upande wenye paa zuri ndio ulioliwa hadi fito zinaonekana kimo cha goti. Ukuta wa upande wa makuti umekandikwa upya, na ukiikuza picha unaona alama za vidole vinne vinne alivyopitisha mkandikaji.

Hapo sasa pana jambo. Upande wenye paa jema umefungwa na hauna mtu. Upande wenye paa bovu una mtu, anafagia, anakandika, anapika. Kama fedha ndizo zilizokwisha, mwenye nyumba angehamia chini ya bati na kuuacha ule wa makuti uanguke. Hakuhama. Paa halikukatika pale fedha zilipoishia, limekatika pale mamlaka ya mtu yalipoishia. Nyumba ina wenyewe wawili.

Katika picha ya namna hii, hicho ndicho ninachotafuta kabla ya kuandika sentensi yoyote: vitu viwili visivyopatana. Uzee peke yake hauzai hadithi, kwa kuwa kila kitu huzeeka. Lakini kufuli jipya kwenye mlango uliooza, njia iliyofagiwa mbele ya nyumba isiyo na paa, au bati kuukuu katikati ya mabati yenye afya, kila kimoja kinataka mtu aliyeamua kitu siku fulani. Ukishapata uamuzi, umepata tukio.

Kuna mtego hapa ambao nusura uninase. Nyumba hii imesimama peke yake kati ya mikorosho, haiko kwenye mstari wa nyumba za kando ya barabara. Mtanzania wa umri wangu akiona hivyo anaifikiria Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, si hiari tena, na watu wapewe hadi mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihamishwa, na nyumba zao za zamani zikabaki mashambani. Ni habari kubwa, na inamshawishi mwandishi kwa sababu inampa uzito wa bure. Lakini makuti yaliyosimama tangu miaka ya 1970 hayapo, na hakuna chochote katika picha kinachoibeba historia hiyo. Ningeiingiza, ingekuwa nimeitoa kichwani mwangu na kuitundika juu ya nyumba ya watu. Nikaiacha.

Nilibaki na kile kipande cha bati. Swali lake ni la kifundi. Bati na makuti yakikutana ubavu kwa ubavu kwenye kipaa kimoja, huwezi kuyaacha yagusane tu, maana maji yatapenya kwenye ufa. Inabidi bati liingie chini ya makuti, kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ili maji ya makuti yaangukie juu ya bati. Yaani fundi hawezi kuishia kwenye mpaka. Lazima avuke. Katika nyumba ya watu wawili wasiosemezana, kuvuka huko si jambo dogo.

Kwa hiyo msimulizi wangu hakuwa mwenye nyumba. Wenye nyumba wanajua mno, wangeanza kueleza nani alimkosea nani tangu utotoni. Nilimchukua fundi, ambaye hajui chochote ila anaona maji yatakapopita. Siku nikaipunguza ikawa moja. Hadithi yenyewe ni hii.

*

BATI LA KUMI NA MOJA

Fundi Shomari aliyahesabu mabati mara mbili. Yalikuwa kumi, ya mita tatu, matano ya kipaa cha mbele na matano ya nyuma. Yalikuja juu ya gari la mkaa lililokuwa linarudi tupu, na dereva aliyashusha bila kuzima injini.

"Upande wa kulia tu," Salum alikuwa amemwambia kwenye simu tangu juzi. "Ukifika ukumbini, simama."

Kushoto, kwenye baraza, dada yake Salum alikuwa anamenya mihogo. Walisalimiana.

"Karibu fundi."

"Starehe, dada. Nimetumwa na kaka yako."

"Nimeyaona mabati," Zaituni alisema, na kisu kikaendelea.

Shomari na kijana wake wakaanza kuezua. Makuti ya kulia yalitoka kwa vumbi jeusi na mavi ya mijusi. Kombamoyo mbili zilikuwa zimeliwa, akazibadilisha. Pau akazipanga upya, za kupigilia misumari. Kila makuti yalipoanguka chini, Zaituni aliinua macho kidogo, kisha akayarudisha kwenye mihogo. Mwisho akauliza.

"Hayo mnayapeleka wapi?"

"Kaka yako kasema yachomwe."

"Yote?"

Shomari alitazama rundo. Mengine yalikuwa bado mazima, yalikaa chini ya mengine yasipate jua.

"Hatuna kiberiti," alisema.

Adhuhuri ilipofika, kijana alikuwa anayachambua yale mazima na kuyapanga upande wa kushoto, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Bati la tano la mbele lilifika juu ya mlango, pale hasa ukuta wa chumba unapokutana na ukumbi. Salum alikuwa amepima vizuri. Shomari alikaa juu ya paa, misumari mdomoni, akautazama ufa uliobaki kati ya bati la mwisho na makuti ya Zaituni. Mkono wake uliingia wote. Akashuka, akapiga simu.

"Kaka, panahitajika bati moja zaidi. Nilipasue katikati, nusu mbele, nusu nyuma."

"Nilipima mwenyewe, fundi."

"Ulipima nyumba. Hukupima maji. Bati lazima liingie chini ya makuti, la sivyo masika yakianza ukumbi wote utakuwa kisima."

"Liingie upande wake?"

"Kiasi cha mkono."

Kimya kidogo. Nyuma ya Salum honi za magari zilisikika, na mtu anatangaza mahindi ya kuchoma.

"Bati langu lisikanyage kwake," alisema. "Wazee walikata. Kulia kwangu, kushoto kwake, ukumbi wa wote. Sitaki kesho niambiwe nimeingia kwa dada yangu."

"Na maji?"

"Atajua yeye. Makuti ni yake."

Shomari alirudisha simu mfukoni. Zaituni alikuwa amemaliza mihogo na sasa anaosha sufuria, mgongo ameupa simu.

"Dada, maji yataingia ukumbini."

"Ukumbi ni wa wote," alisema. "Yatatunyeshea wote."

"Yeye yuko Dar es Salaam."

Zaituni alisugua sufuria mpaka ikawa haina la kusuguliwa. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Shomari alisikia kuni zinaporomoka. Aliporudi alikuwa analiburuta bati, la kutu, refu kama yale ya juu, ncha moja imejikunja.

"Hili lilifunika kuni za mama," alisema. "Yeye Salum alilinunua, alipopata kazi ya kwanza. Mama alitaka liezekwe jikoni, halikutosha."

"Lina matundu."

"Si wewe ndiye fundi?"

Alilipasua kwa mkasi wa bati, kwa urefu, na lile bati likalia mpaka watoto wa jirani wakaja kutazama. Matundu ya zamani aliyaziba kwa misumari ya kofia, na chini ya kila kofia akaweka kiduara alichokikata kwenye kandambili mbovu ya kijana wake. Alipigilia kwenye migongo ya bati, siyo kwenye mabonde, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Kisha akainua makuti ya Zaituni kwa mkono wa kushoto, akalisukuma bati kwa wa kulia. Liliingia. Akayalaza makuti juu yake. Nyuma akafanya vilevile.

Zaituni alisimama chini muda wote, ameshika ngazi.

"Usimwambie," alisema fundi alipogusa ardhi.

"Atakuja ataliona."

"Akija."

Simu ililia wakati kijana anafunga vifaa. Shomari aliipokea pale pale, na sauti ya Salum ilikuwa kubwa kama ilivyo sauti ya mtu aliye kando ya barabara.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na yale mabati, yametosha?"

Zaituni alikuwa amechutama anaokota misumari iliyoanguka, mmoja mmoja, anaitia kiganjani.

"Yametosha," alisema Shomari.

"Si nilikwambia?" alisema Salum. "Nilipima mwenyewe."

*

Hadithi hiyo ina mambo ambayo picha haikunipa, nami siwezi kuyatetea kwa picha. Picha haikusema kaka na dada. Wangeweza kuwa wake wenza, au mjomba na mpwa. Nilichagua ndugu wa mama mmoja kwa sababu mirathi ya nyumba ya vyumba viwili ndiyo njia ya kawaida ya nyumba kupata wenyewe wawili, na kwa sababu ndugu wanaweza kukaa miaka bila kusemezana huku wakiendelea kuzikana. Jirani wawili waliogombana hawana haja ya kujengea paa moja. Bati la kuni za mama nalo ni langu. Picha ilinionyesha tu kwamba bati hilo lilitoka kwingine.

Nilichojizuia ni kuipinga picha. Kila kinachoonekana ndani yake kiko mahali pake katika hadithi, au angalau hakikatazwi: viraka vya makuti, ambavyo sasa tunajua vilitoka kwenye rundo lililokusudiwa kuchomwa; kipande chembamba chenye matundu zaidi ya misumari; dirisha la kulia, ambalo Salum hajalifungua bado. Mtumaji wa picha akisoma huku ameiweka kando, macho yake yatakwenda na kurudi. Hiyo ni raha ya namna yake, na inapotea mara moja ukimpa nyumba dirisha ambalo haina.

Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu maradufu. Ilikuwa na kikao cha wazee waliokata nyumba, pamoja na sababu ya ugomvi, ambayo ilikuwa deni la gharama za matanga. Niliposoma tena nikaona kwamba sababu ikishatajwa, msomaji anageuka hakimu. Anaanza kupima nani ana haki, na bati linasahaulika. Nikakifuta kikao kizima, nikaacha sentensi moja ya Salum: wazee walikata. Mtu aliyekulia katika ukoo wa watu atajaza mengine mwenyewe, na atayajaza kwa ugomvi wa kwao, ambao daima ni mtamu kuliko wangu.

Palikuwa pia na aya ya mwisho ambamo masika yanaanza, maji yanapita salama juu ya bati la mama, na Zaituni anasikiliza mvua kitandani. Niliipenda sana aya hiyo, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili yake mbaya. Ilikuwa inamfanyia msomaji kazi ambayo Salum alikwisha kuifanya bila kujua, kwa kujisifu. Mara Salum anaposema alipima mwenyewe, kila kitu kiko mezani: anayejua, asiyejua, na wanaomfichia.

Ugumu wa kweli ulikuwa kwenye majina na mahali. Nyumba ni ya watu. Ipo, na pengine wenyewe wanagombana kweli, au hawajawahi kugombana maisha yao yote na paa lile lina sababu yake nyingine kabisa. Nimetaja wilaya na kuacha kijiji, na majina niliyotumia ni ya kila mtaa wa pwani. Kama picha ingekuwa na mtu barazani, au namba ya nyumba, au kibao cha duka la jirani, nisingeichapisha pamoja na hadithi. Msomaji wa kijiji hicho angekata shauri kwamba Zaituni ni fulani, na hakuna kanusho la mwandishi linalomfikia mtu kisimani.

Hata hivyo kuna hadithi ya pili ndani ya picha ileile, ambayo sikuiandika. Ukiitazama tena, upande wa bati umeingia wote hadi mwisho wa ukuta, na wa makuti umekatwa kabla ya kona. Jiko halimo. Aliyepiga alisimama upande wa kulia, karibu na lile dirisha lililopigiliwa mbao, akageuza simu kushoto kwa kiasi tu. Mtu aliyekuja kutazama nyumba ya wengine husimama katikati, mbele ya mlango. Huyu alisimama mbele ya chumba kimoja. Anayetaka kuiandika hiyo aanze na yeye, na safari yake kutoka barabarani, na kwamba alifika hadi hapo akiwa na simu mkononi, palikuwa pamefagiwa, na hakuna dalili katika picha kwamba alipiga hodi.